Saini ya pili kabla magnesiamu haijaingia

Chati yetu ya dawa pale leba ina safu mbili za saini kwa dawa chache. Safu ya kwanza ni ya aliyeandaa dawa na kuichoma, ya pili ni ya aliyemkagua. Safu ya pili ikiwa wazi ile dozi haihesabiwi kuwa imetolewa, hata kama mgonjwa kashachomwa na sindano iko kwenye boksi la taka, na asubuhi kwenye ripoti ya zamu inchaji atakuuliza mbele ya watu. Kwa hiyo sote tulijua namna ya kuijaza hiyo safu. Mi mwenyewe nimeijaza miaka mingi, nimesaini nikiwa nimesimama, nimesaini nikiwa natembea, nimesaini kwa mkono mmoja huku mwingine uko kwenye tumbo la mama nasikilizia uchungu. Hadi usiku mmoja ndo nikaelewa kwamba kwa miaka yote hiyo nilikuwa najaza safu tu, sikuwa nakagua kitu.

Nataka nieleze vizuri kilichotokea manake naona wauguzi na wakunga wengi tunaishi na huu utaratibu wa watu wawili na hatujawahi kukaa tukajiuliza yule wa pili anatakiwa afanye nini hasa.

Dawa yenyewe ni magnesiamu salfeti, ile ya kifafa cha mimba. Kwa asiyeijua: mama mjamzito presha inapanda sana, mkojo una protini, kichwa kinauma, anaona vimulimuli, na asipodhibitiwa anaweza kuanza degedege, na degedege hiyo inaua mama na mtoto. Magnesiamu inazuia na inatibu. Kuna utafiti mkubwa uliotoka mwaka 2002, ulihusisha akina mama zaidi ya 10,000 kwenye nchi 33, ukaonyesha wanaopewa magnesiamu hatari yao ya kupata degedege inapungua kwa zaidi ya nusu. Kwa hiyo sio dawa ya kuiogopa ukaacha kuitoa, mama akiihitaji lazima aipate. Ila ni dawa ambayo kuanzia dozi inayookoa hadi dozi inayosimamisha pumzi safari sio ndefu, na hesabu yake ndo hapo watu wanapojikwaa.

Hesabu iko hivi. Ampuli nyingi tunazoletewa ni za asilimia 50. Maana yake kila mililita 100 ina gramu 50, yaani mililita moja ina nusu gramu. Ampuli ya mililita 10 ina gramu 5, na zile ndogo za mililita 2 zina gramu 1. Dozi ya kuanzia ya kwenye mshipa ni gramu 4, kwa hiyo unavuta mililita 8. Lakini hizo 8 huziingizi hivyo hivyo, ni kali mno kwa mshipa, unaongeza mililita 12 za maji ya sindano unapata bomba la mililita 20 ambalo sasa ni asilimia 20. Hilo ndo unalisukuma polepole, isipungue dakika 5. Halafu kuna gramu 10 nyingine za kwenye msuli, hizi ni za asilimia 50 bila kuchanganywa na maji, gramu 5 kila kalio, pamoja na lignokeini kidogo manake inauma sana. Baada ya hapo ni gramu 5 kila masaa 4, kalio hili halafu lile.

Sasa kuna ampuli nyingine, za asilimia 20. Hizo zinakuja zikiwa tayari, mililita 10 ina gramu 2, unavunja mbili unavuta zote unapata bomba la mililita 20 lenye gramu 4, hakuna kuongeza maji. Kwa miezi kadhaa sisi tulikuwa na hizo, sijui zilifikaje kwetu ila zilikuwepo, na ukweli zilirahisisha kazi. Watu wakazoea. Ikawa ukisema magnesiamu ya kuanzia mtu anajibu "ampuli mbili" bila hata kufikiria. Wale waliokuja kuanza kazi ndani ya hiyo miezi hawakuwahi kuiona ile nyingine kwa macho yao, hesabu ya 8 na 12 waliisoma chuoni wakaiacha huko.

Usiku wenyewe tulikuwa wakunga wawili, akina mama tisa, na daktari wa zamu yuko upande wa upasuaji. Akaletwa dada mmoja mimba yake ya kwanza, wiki 34, presha 170 kwa 115, kichwa kinamuuma sana na protini imejaa kwenye kipimo. Daktari akaja akamwona akaandika magnesiamu, gramu 4 mshipani, gramu 10 kwenye msuli, akaandika na dawa ya kushusha presha akarudi kwake. Mwenzangu akaenda kuandaa. Mimi nilikuwa kitanda cha tatu na mama anayesukuma, kichwa cha mtoto kinaonekana. Mwenzangu akaja na bomba limeshajazwa mkononi, chati mkono wa pili, akaniambia, "Dada, gramu nne hizi, ampuli mbili, nisainie niwahi."

Nikaangalia bomba. Mililita 20, limejaa, dawa safi haina rangi, kama ninavyoliona siku zote. Nikavua glavu moja nikasaini. Sidhani kama zilifika sekunde kumi.

Mtoto akatoka, akalia, nikamfuta nikampa mama yake, nikachoma oksitosini, nikawa nasubiri kondo. Nikageuka kuchukua beseni kwenye meza ya dawa, na pale kwenye meza kulikuwa na zile ampuli mbili zilizovunjwa. Zimeandikwa asilimia 50.

Sikumbuki nilitembea au nilikimbia. Nilimkuta mwenzangu anasukuma polepole kama inavyotakiwa, na huo upolepole wake nadhani ndo uliomsaidia yule dada, bomba lilikuwa limebaki na mililita 8. Yaani zimeingia 12, ambazo ni gramu 6, zikiwa kali bila maji hata tone. Nikamwambia acha, funga hapo. Yule dada alikuwa mwekundu usoni anasema joto, anasikia kutapika. Na hapa niseme kitu, hilo joto peke yake lisingetuambia chochote manake hata dozi sahihi inaleta joto, wengi wanalalamika hivyo. Nikagonga goti. Likaruka, ila kivivu. Nikahesabu pumzi dakika nzima, 14. Tukaita daktari, tukavuta kalsiamu glukoneti gramu 1 ambayo ndo dawa ya kuzimua magnesiamu, tukaiweka pembeni iko tayari, tukaweka mpira wa mkojo, tukakaa naye. Haikuhitajika. Baada ya kama nusu saa pumzi zilikuwa 18 na goti linaruka vizuri. Daktari akaahirisha ile ya kwenye msuli. Alijifungua kesho yake jioni, yeye na mtoto wote wazima, na daktari na mimi tulikaa naye tukamweleza kilichotokea.

Gramu 6 mshipani zenyewe sio za kuua, kuna hospitali duniani zinaanza na gramu 6, ila zikiwa zimechanganywa na zinaingia kwa dakika 15 hadi 20. Tulipokuwa tunaelekea ndo kubaya: bomba zima ni gramu 10, halafu juu yake gramu 10 za msuli kama zilivyoandikwa, jumla 20 badala ya 14, kwa mtu ambaye ugonjwa wake mara nyingi unabana figo, na magnesiamu karibu yote inatokea kwenye mkojo. Figo zikizembea inajikusanya. Kwanza goti linaacha kuruka, halafu pumzi zinapungua, mwisho moyo.

Asubuhi tulipotoa taarifa swali la kwanza lilikuwa hili: si mlikuwa wawili? Na chati inasema ndio, tulikuwa wawili, saini mbili, muda umeandikwa, kila kitu kiko mahali pake. Karatasi ilikuwa kamili kabisa.

Nimelifikiria hilo swali muda mrefu. Jibu langu ni kwamba hatukuwa wawili. Alikuwa mmoja, mimi nilikuwa mwangwi. Mwenzangu alipokuja alikuja na jibu: gramu nne, ampuli mbili. Mtu akishakupa jibu akili yako haitafuti tena, inaangalia tu kama kilichopo kinafanana na ulichoambiwa. Na kilifanana! Bomba la 20, limejaa, rangi ile ile. Kosa lilikuwa kwenye namba moja ndogo juu ya kichupa ambacho mimi sikuletewa nikione na wala sikukidai. Halafu kibaya zaidi mazoea yangu na mazoea yake yalikuwa yale yale. Hata angeniuliza tu "ni ampuli ngapi?" inawezekana kabisa ningejibu mbili. Wawili wanaokumbuka kitu kimoja kwa namna moja watakosea kwa namna moja, na watasaini wote kwa amani.

Kuna utafiti mmoja wa hospitali ya watoto huko Australia ambapo watafiti walisimama wakawaangalia wauguzi wakitoa dawa, wakakuta ule ukaguzi wa watu wawili unafanyika karibu kila dozi inayotakiwa, lakini ule wa kweli ambapo mtu wa pili anafanya hesabu yake mwenyewe bila kuambiwa ulikuwa nadra mno. Niliposoma nikajiona.

Kwa hiyo tulichobadilisha ni mpangilio wa maneno. Saini imebaki ile ile, safu ile ile. Ila sasa anayeandaa dawa haruhusiwi kutaja namba. Anakuja anasema, "Naomba unikagulie magnesiamu ya kitanda cha sita," basi, ananyamaza. Wa pili anachukua chati anasoma mwenyewe daktari kaandika nini. Anachukua ampuli mkononi anasoma kwa sauti: dawa gani, asilimia ngapi, mililita ngapi, inaisha lini. Anafanya hesabu kwenye kikaratasi, na sio kichwani, halafu yeye ndo anataja wa kwanza: "Mililita nane, maji kumi na mbili." Hapo ndo yule wa kwanza anafunua alichoandika. Vikilingana wanaangalia bomba pamoja, na ampuli zilizovunjwa zinabaki kwenye treya hadi saini ya pili imewekwa. Hazitupwi kabla. Ile meza ndo iliyomwokoa yule dada, kama mwenzangu angekuwa msafi zaidi usiku ule akatupa vichupa mapema nisingeona kitu.

Inachukua dakika mbili, tatu kama mtu ni mgeni. Wa kwanza kupinga wakasema dakika tatu hizo tutazitoa wapi na akina mama tisa, na walikuwa na haki kusema hivyo, ndo maana jambo la pili lilikuwa kupunguza. Orodha ya dawa za saini mbili ilikuwa ndefu, kila likitokea tatizo mahali dawa inaongezwa, ikafika mpaka antibayotiki za kawaida zinataka saini ya pili. Mtu akiombwa kusaini mara ishirini kwa zamu hakuna namna atahesabu mara ishirini, atasaini zote kwa sekunde kumi kumi na ile moja ya hatari itapita humo humo. Tukabaki na nne: magnesiamu, damu, insulini, na potasiamu ya kwenye dripu. Antibayotiki ikikosewa kidogo una muda wa kugundua na kurekebisha. Hizi nne hazikupi muda. Kwa maoni yangu hiki ndo kipimo pekee cha kuamua kazi gani idai mtu wa pili, je kosa likipita unaweza kulirudisha? Kama unaweza, mwache mtu mmoja afanye kazi yake.

Na potasiamu tuliishia kuitoa kabisa, ile kali ya kwenye ampuli haikai tena wodini, inakaa famasi, wodini inakuja ikiwa imeshachanganywa. Hospitali nyingi duniani zilifanya hivyo zamani baada ya watu kufa. Ukiweza kuliondoa kosa lisiwezekane hiyo inashinda saini zote. Vile vile tukaomba famasi wasituletee magnesiamu za nguvu mbili tofauti kwa wakati mmoja, na ikibidi wakabadilisha basi waje na karatasi nyekundu kubwa kwenye boksi na wamwambie inchaji kwa mdomo. Wamekubali, na mara moja hadi sasa wamefanya hivyo kweli.

Kuna mtu ataniuliza, je mama akiwa anadondoka degedege mbele yako, nako mtahesabu kwa kikaratasi? Hapana. Hapo hakuna aliyetulia kuhesabu, mkono unatetemeka na ndugu wanapiga kelele mlangoni. Kwa hiyo ukaguzi wa degedege tumeuhamisha, unafanyika kabla. Tuna boksi la kifafa cha mimba, ndani kuna ampuli za magnesiamu, maji ya sindano, mabomba ya 20 na ya 10, lignokeini, haidralazini, mpira wa mkojo, kinyundo cha goti, na kalsiamu glukoneti imefungwa kwa plasta pembeni yake yenyewe ili isichanganywe na kitu. Kila mwanzo wa zamu watu wawili wanalifungua, mmoja anasoma ampuli moja moja mwingine anahesabu, wanaandika kwenye kadi iliyobandikwa kwenye mfuniko: leo ampuli hizi ni asilimia kadhaa, kwa gramu 4 vuta mililita kadhaa, ongeza maji kadhaa. Wanasaini kadi, wanafunga kwa plasta. Saa tisa usiku mama akianguka unavunja plasta unafuata kadi, watu wawili walishafikiria kwa niaba yako wakiwa wametulia. Plasta ikikutwa imekatika boksi linakaguliwa upya hata kama hakuna kilichotolewa.

Ugumu ulikuwa kwenye umri na cheo, na hapa bado hatujamaliza. Mkunga wa miaka ishirini na mitatu, mwezi wa pili kazini, anaitwa na mama ambaye anampa shikamoo kila asubuhi, anaambiwa nikagulie. Atamwambiaje umekosea? Mi nimemwona mmoja kahesabu sahihi kwenye kikaratasi, akaona mkubwa wake ana namba tofauti, akaifuta yake akaandika ya mkubwa. Kwa macho yangu. Nikamuuliza kwa nini, akasema, "Nikajua nimekosea mimi." Baada ya hapo tukaweka sharti kwamba kikaratasi hakifutwi, kinabanwa kwenye chati na kalamu, na namba zikitofautiana wote wawili wanaanza upya, hakuna anayeamua nani kapatia. Hiyo ya kuanza upya wote imesaidia kuliko maneno yoyote ya kuwaambia vijana wawe jasiri, manake sasa kijana hamkosoi mkubwa, utaratibu ndo unawarudisha wote wawili mwanzo.

Ukitaka kujua kama saini za pili kwenye wodi yako ni za kweli chukua chati za mwezi mmoja ukae nazo. Angalia muda. Ukikuta dozi ya saa nne usiku, ya saa nane na ya saa kumi na mbili asubuhi zote zina saini ya pili ya kalamu moja, mwandiko uliolala vile vile, ujue mtu kasaini zote kwa mkupuo wakati wa kukabidhi zamu. Halafu uliza ni lini mara ya mwisho mkaguzi alikataa. Kama kwa mwezi mzima hakuna hata mmoja aliyesema "hapana, rudia", hapo mimi nina wasiwasi zaidi kuliko pale wanaposema watatu. Watu wanaohesabu kweli huwa wanatofautiana mara moja moja, hata kwa sababu ya kusoma vibaya tu. Sisi tuliongeza kisafu kidogo cha kuandika "tulitofautiana", na inchaji akaahidi mbele ya wote kwamba hakuna atakayeulizwa ubaya kwa kukijaza. Wiki za mwanzo kilikuwa kitupu kabisa. Sasa hivi kinajazwa mara mbili tatu kwa mwezi.

Na zile dozi za kila masaa 4 zina kisa chake. Kabla ya kurudia magnesiamu lazima pumzi ziwe angalau 16 kwa dakika, goti liruke, na mkojo usiwe chini ya mililita 30 kwa saa kwa yale masaa manne, yaani kwenye mfuko wa mkojo uone angalau 120. Vikikosa hivyo hutoi. Sasa ukipitia chati za zamani pumzi ni 18, 18, 18, 20, 18 usiku kucha, kwa akina mama wote. Hakuna binadamu anayepumua hivyo. Mtu kaangalia mara moja akaandika. Kwa hiyo mkaguzi wa pili kwenye dozi hizo hahesabu dawa tu, anasimama pale kitandani anahesabu pumzi mwenyewe dakika nzima na saa mkononi, bila kuangalia kilichoandikwa, na anagonga goti yeye. Goti lina ufundi wake, mama awe amelegeza mguu, unauinua kwa chini ya paja uning'inie, unagonga kwenye ile kano chini ya kifuniko cha goti. Akiwa ameukaza mguu kwa baridi au hofu haliruki na utadhani magnesiamu imezidi, kumbe ni hofu. Msemeshe kwanza.

Niliwahi kusikia kuhusu Ifakara na ile orodha ya usalama ya upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, hospitali ya Ifakara ilikuwa moja ya nane duniani zilizoijaribu, matokeo yakatoka 2009 na vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8 kwa ujumla wa hospitali hizo. Kinachonivutia kwenye ile orodha ni kwamba watu wanasimama wanasema kwa sauti kabla kisu hakijashuka, huyu ni nani, tunapasua wapi, nani ana wasiwasi. Karatasi inafuata mdomo. Sisi kwenye dawa tulikuwa tumeugeuza, mdomo unafuata karatasi.

Kuna usiku ambao mtu wa pili hayupo kabisa, hilo nalo tulizungumze kwa uwazi. Vituo vidogo vingi ni mkunga mmoja usiku. Zamani tulikuwa tunafanya nini? Unaacha safu wazi, asubuhi mwenzako akija unamwomba asaini. Hiyo tumeikataza kabisa, manake saini ya asubuhi inamwambia daktari uongo, inamwambia dozi hii ilikaguliwa. Sasa ukiwa peke yako unaandika "peke yangu" kwenye safu ya pili. Unahesabu kwenye karatasi, unaigeuza, unaenda kumwona mama umpime presha, unarudi unahesabu tena upya bila kuangalia ile ya kwanza, halafu unalinganisha. Haifikii mtu wa pili, mazoea yako yanarudi na wewe kutoka kule kitandani. Lakini angalau macho yamepumzika. Na yale maneno "peke yangu" yakijaa kwenye chati za mwezi mzima yanakuwa hoja, inchaji wetu alizikusanya akaenda nazo ofisini kuomba mtu wa tatu wa usiku. Bado hajapewa. Chati anazo.

Wiki iliyopita ilikuwa zamu yangu kuandaa. Mama wa kitanda cha pili, presha 160 kwa 110, magnesiamu ya kuanzia. Nikavuta 8, nikaongeza 12, na katika kupanga meza nikafagia vichupa nikavitupa kwenye boksi la vitu vyenye ncha, mkono tu ulienda. Nikamwita yule binti wa zamu, yule yule aliyewahi kufuta hesabu yake. Akasoma chati, akaangalia treya, akaniuliza, "Ampuli ziko wapi, mama?" Nikamwambia nimezitupa, ila zilikuwa asilimia 50, nimesoma mwenyewe. Akanyamaza kidogo. Akasema, "Samahani mama, siwezi kusaini."

Nikamwaga bomba zima. Tukachukua ampuli nyingine kwenye boksi, akaishika kwenye mwanga wa taa akaisoma kwa sauti, akaandika kwenye kikaratasi chake, 8 na 12, tukavuta upya wote wawili tumesimama pale. Mama alipata dawa yake dakika sita baadaye. Kwenye kile kisafu akaandika: tulirudia, ampuli hazikuwepo. Akaweka saini na saa.